"Ondoa nafsi ya kwanza kwenye wasifu": ushauri huu umenigharimu kazi, na nina hasira

Kalamu_Butu

Wakuu, leo naomba mnivumilie niwake.

Nilimpa wasifu wangu mtu anayejiita mshauri wa ajira aupitie, na nikamlipa. Akaurudisha umejaa wino mwekundu. Kwenye kila kidoti kinachoanza na "Nili" ameandika pembeni maneno yaleyale: ondoa nafsi ya kwanza. Kwa nini niiondoe, hakusema. Niiondoe vipi, hakusema pia.

Nikaanza kufuta "mimi". Zilikuwa mbili tu kwenye ukurasa mzima, zikatoka. Lakini kwenye "Nilisimamia" nifute nini? Nikitoa "ni" inabaki "lisimamia", neno lisilokuwepo. Nikitoa "nili" yote inabaki "Simamia", na hapo ni kama namwamuru mwajiri aende stoo akasimamie mwenyewe. Nikajaribu "Alisimamia", nikajiona kama natangaza tanzia yangu.

Mwisho nikageuza kila kitu kuwa "ku". Kidoti nilichokuwa najivunia kilikuwa hivi:

Nilipunguza upotevu wa bidhaa stoo kutoka katoni 40 kwa mwezi hadi 12.

Kikawa hivi:

Kupunguza upotevu wa bidhaa stoo.

Zile namba nilizitoa kwa sababu zilikataa kukaa vizuri baada ya "kupunguza". Nikaona kimekuwa kifupi na cha kiofisi, nikafurahi.

Siku ya usaili yule mama wa upande wa waajiri akaweka kidole kwenye kidoti hichohicho. "Hapa umeandika kupunguza upotevu. Ulipunguza, au ndiyo kazi uliyopangiwa?" Nikaanza kujieleza, na kadiri nilivyojieleza ndivyo ilivyosikika kama nimeitunga palepale. Kazi sikupata.

Nauliza kwa uchungu: hii kanuni ni ya lugha gani? Maana ya Kiswahili siyo!

Doti_Doti

Pole mkuu, ila hapo umejikaanga mwenyewe. Kuna njia rahisi ambayo wengi hawaijui: tumia "hu". Andika "Husimamia stoo", "Huandaa ripoti za mwezi". "Hu" haibebi nafsi yoyote, iwe mimi, wewe au yule. Nafsi ya kwanza imeondoka na kitenzi kimebaki kizima. Mimi wasifu wangu wote uko hivyo.

Bi_Mhakiki

Doti_Doti, nusu ya hilo ni kweli. "Hu" kweli haina nafsi, lakini inasema jambo la mazoea. Kwa kazi unayoifanya sasa, ile ya kila wiki kila mwezi, inakaa. Kwa kazi uliyoiacha miaka mitatu iliyopita, "Huandaa ripoti" inamwambia msomaji bado unaiandaa. Na kwa jambo lililofanyika mara moja likaisha haifai kabisa. "Hupunguza upotevu kutoka katoni 40 hadi 12" maana yake zinarudi 40 kila mara nawe unazipunguza upya.

Sasa Kalamu_Butu. Nimesoma wasifu za waombaji kwa miaka mingi, kwa hiyo nianze na sababu ambayo mshauri wako hakukupa. Jina lako liko juu ya ukurasa. Kila kidoti chini yake kina mwenyewe mmoja anayejulikana, ndiyo maana "mimi" haina kazi pale. Halafu msomaji hasomi wasifu kama barua. Jicho linateremka ukingo wa kushoto likiangalia neno la kwanza la kila mstari. Kwenye lugha ambayo "mimi" ni neno lililosimama peke yake mbele ya kitenzi, ukingo wote unajaa neno hilo moja, na kitenzi kinasukumwa ndani. Ukilifuta, kitenzi kinakuja mbele na wakati wake haudhuriki. Kanuni ilizaliwa huko.

Kiswahili kimeweka nafsi ndani ya kitenzi, jirani na wakati. Ukiandika "Nilipunguza" bila "mimi", neno hilo la mbele umeshaliacha, na mimi ningeishia hapo. Ukikazana kung'oa na "ni", inang'oka na "li", na hiyo "li" ndiyo iliyokuwa ushahidi wako. Yule mama aliuliza swali la haki. "Ku" haina wakati. Haisemi umefanya, unafanya wala utafanya.

Tena angalia tangazo lolote la kazi, sehemu ya majukumu: kusimamia, kuandaa, kuhakikisha. Wasifu uliojaa "ku" unasomeka kama tangazo lililonakiliwa.

Mvumilivu77

Jamani na mimi nisaidieni. Kwenye barua ya maombi nimeandika "Mimi ni mhitimu wa uhasibu". Nayo niifute?

Bi_Mhakiki

Hapana mwanangu, barua ni mtu anaongea na mtu, jitaje tu. Sisi tunazungumzia vile vidoti vya wasifu.

Fundi_Sentensi

Mimi napingana na Bi Mhakiki kidogo. Vidoti vinane vinavyoanza "Nili, Nili, Nili" vinachosha vilevile. Tatizo la ukingo wa kushoto hujalitatua, umebadilisha neno tu. Mimi natanguliza kitu chenyewe: "Upotevu wa bidhaa ulipungua kutoka katoni 40 kwa mwezi hadi 12." Wakati upo, namba zipo, nafsi ya kwanza haipo. Mwisho wa ubishi.

Bi_Mhakiki

Na aliyeupunguza yuko wapi, Fundi? "Ulipungua" unaweza kupungua wenyewe, labda mwaka huo bidhaa zilikuwa chache. Hata ukisema "ulipunguzwa", nitauliza na nani. Napokea wasifu zilizojaa "mafunzo yalitolewa", "mfumo ulianzishwa", na mwombaji sijui kama alitoa mafunzo au alikaa nyuma akisikiliza. Kauli ya kutendwa kwenye wasifu inamficha mtu uleule unayetaka aonekane.

Fundi_Sentensi

Basi ongeza njia: "Upotevu wa bidhaa ulipungua kutoka katoni 40 kwa mwezi hadi 12 baada ya kuanzisha hesabu ya stoo kila Ijumaa." Kidoti kiko chini ya cheo changu. Nani mwingine ameanzisha?

Bi_Mhakiki

Hiyo ni afadhali, nakubali. Lakini kwenye usaili bado ningekuuliza.

Kalamu_Butu

Sasa ndiyo naelewa nilipoumia. Swali moja limebaki. Kazi niliyonayo leo, bado niko stoo nyingine. Niandike yote kwa "na"?

Bi_Mhakiki

Yanayoendelea, ndiyo: "Nasimamia wapokeaji mizigo 6." Yaliyokwisha, hata kama ni kwenye kazi hiyohiyo ya leo, ni "li": "Nilihamisha kumbukumbu za stoo kutoka daftari kwenda kompyuta." Wengi huandika "nahamisha" kwa kuwa bado wameajiriwa pale, nami najiuliza hilo daftari lina kurasa ngapi. Tanguliza yanayoendelea, ya "li" yafuate, usiyachanganye. Na usiandike "nilikuwa nasimamia" pale ambapo "nilisimamia" inatosha.

Doti_Doti

Kwa hiyo wangu wenye "hu" niufanyeje? Nimeshautuma sehemu nne.

Kalamu_Butu

Doti_Doti, tuko wawili. Wakuu, nimekirudisha kidoti: "Nilipunguza upotevu wa bidhaa stoo kutoka katoni 40 kwa mwezi hadi 12 kwa kuhesabu upya kila Ijumaa." Samahani Fundi, Ijumaa nimeiba kwako, ila kweli tulikuwa tunahesabu Ijumaa. Mshauri nimemwandikia anirudishie hela yangu. Amesoma, hajajibu.

Fundi_Sentensi

Iba tu. Ila bado nasema "Nili" nane ni nyingi.