Mwenye nyumba kapata wapi habari za deni langu?? Sijamkopa hata shilingi yake!

mama_bweyo

Wapendwa leo nimekasirika vibaya, nisomeni mpaka mwisho ndio mnijibu.

Natafuta nyumba huku Bweyogerere, Uganda, vyumba viwili, 450,000 kwa mwezi. Dalali kanipeleka nikaipenda, akasema mwenye nyumba anataka kopi ya kitambulisho, barua ya LC1 na nijaze fomu yake. Sawa, hayo tumezoea. Fomu ina jina, NIN, kazi, mtu wa kupigiwa simu nikipata shida, halafu chini kabisa kwa vijiherufi vidogooo kuna mstari unasema nakubali taarifa zangu zihakikiwe "kwa njia yoyote itakayofaa". Nikasaini kama wapangaji wote wanavyosaini, tena kulikuwa na mtu mwingine nyuma yangu anaitaka nyumba hiyo hiyo.

Baada ya siku mbili dalali ananipigia eti mzee amesema mimi nina historia ya kuchelewesha mkopo, so kama naitaka nyumba nilipe miezi sita mbele. Miezi sita! Huo mkopo wenyewe ni wa kwenye simu, 180,000, mshahara ulichelewa nikapitisha tarehe, nikalipa wote na faini yake juu. Hata mume wangu hajui. Sasa mwenye nyumba ambaye sijawahi kumwona uso kajulia wapi?

Mimi sikulala. Nikachukua kitambulisho nikaenda kwa hao watu wa CRB, ofisi inayotunza rekodi za mikopo ya watu, nikaomba ripoti yangu mwenyewe. Mkopo uko pale, umeandikwa umelipwa ila ulichelewa, na hilo silibishi. Sasa fungua ukurasa wa nyuma, kuna orodha ya waliochungulia ripoti yako. Wa kwanza ni benki yangu nilipoomba mkopo wa karo, huyo namjua. Chini yake kuna kampuni moja ya mikopo ambayo sijawahi hata kukanyaga mlango wake, tarehe ni kesho yake nilipojaza ile fomu, na sababu ya kuchungulia wameandika ombi la mkopo mpya!!! Mkopo gani? Nikawapigia, msichana aliyepokea akaangalia akasema nyabo hapa hatuna ombi lolote la jina lako. Nikamrudia dalali kwa ukali ndio akacheka akasema kumbe mzee ana mpwa wake anafanya kazi pale.

Yaani mpwa kafungua kompyuta ya kazini, kaingiza NIN yangu, kadanganya kwamba nimeomba mkopo, kamsomea mjomba wake kwenye simu. Na mdogo wangu juzi kapewa kazi ya stoo, kwenye makaratasi ya mkataba wameingiza mstari ule ule. Sasa nauliza, mwenye nyumba na bosi wana haki gani na rekodi ya mikopo yangu, na saini yangu kwenye kile kimstari ndio niliuza kila kitu? Na msinijibu eti "ungesoma kabla ya kusaini", hilo nishaambiwa nyumbani inatosha.

kijana_wa_kisenyi

Pole sana dada. Lakini CRB si ni blaklisti tu? Ukishamaliza deni unafutwa. Waambie wakufute mwenye nyumba akirudia atakuta hamna kitu.

afisa_mstaafu

Kijana hapo umepatia nusu. Si orodha ya wabaya peke yao, mikopo uliyolipa vizuri nayo imo, ndiyo inayokusaidia ukienda benki. Ukilipa deni linageuka kusomeka limelipwa, lakini ule ucheleweshaji haufutiki siku hiyo hiyo, unabaki kwa muda. Cha kufutwa au kusahihishwa ni kile ambacho si kweli.

Dada mama_bweyo, nimekaa dawati la mikopo miaka mingi kwa hiyo nikuambie mambo yanavyokwenda. Huu mfumo ulipoanza mwaka 2008 ulikuwa wa taasisi zinazosimamiwa na Benki Kuu. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, wakopeshaji wengine nao wakaruhusiwa kuingia, ndiyo maana siku hizi utakuta hata kampuni ndogo zina paswedi. Lakini wote hao wanaingia kwa sababu WANAKOPESHA. Mwenye nyumba hakukopeshi, anakupangisha, hana mlango wa kuingilia. Mwajiri vivyo hivyo. Wakitaka kujua lazima wapitie kwako, wewe ukubali iwe wazi ni nani anapewa na kwa ajili gani, au uchukue ripoti mwenyewe uwaonyeshe.

Kwa hiyo kosa kubwa kwenye kisa chako liko kwenye lile neno la sababu. Tulikuwa tunafundishwa kila ukifungua jina la mtu faili lake liwe mezani, fomu ya mkopo imesainiwa, ukaguzi ukija uonyeshe. Huyo mpwa hana faili. Kaandika mkopo kwa sababu angeandika ukweli mfumo usingempa kitu.

landilodi_kireka

Sasa mnatuonea. Mimi nina vyumba nane Kireka, mtu anaingia na godoro na tabasamu, mwezi wa tatu anahama usiku anaacha bili ya maji na kufuli. Kumtoa kwa nguvu siwezi, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka amri ya korti. Nikitaka kumjua mtu kabla sijampa funguo nakosea wapi? Na huyu dada alisaini, amesema mwenyewe.

mama_bweyo

Nilisaini nini mzee? Pale pameandikwa mkopo? Pameandikwa CRB? Pameandikwa jina la kampuni ya mpwa? "Njia yoyote" hata kuja kupekua kabati langu ni njia!

afisa_mstaafu

Mzee wa Kireka ana haki ya kumjua mpangaji, sibishi. Aombe barua ya nyumba aliyotoka, aombe payslipu, apige simu kwa mwenye nyumba wa zamani. Hiyo itamwambia zaidi kuliko mkopo wa simu wa 180,000.

Kuhusu saini. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inasema kukubali kuwe kwa hiari, kuhusu jambo maalum, na mtu awe ameelezwa. Mstari wa "njia yoyote itakayofaa" hausemi kitakachoangaliwa wala nani ataangalia, hapo umaalum uko wapi? Tena hata tukiuchukua kwamba ni mzima, ulikubaliana na mwenye nyumba. Ile kampuni hukuikubalia chochote, haiwezi kujificha nyuma ya karatasi ya mtu mwingine. Na kibali unaweza kukiondoa pia, ingawa kukiondoa leo hakumfanyi mzee asahau alichosomewa jana.

dada_wa_minneapolis

Mimi natokea Arua lakini niko Marekani, huku kila mwenye nyumba anakagua kredit yako, hakuna siri. Ila lazima usaini kwanza, kwa nyumba na kwa kazi, sheria yao ni ya 1970.

afisa_mstaafu

Dada, kwa kazi ndiyo, kwa nyumba sivyo kabisa. Sheria hiyo ya kwenu inamruhusu mwenye nyumba kwa sababu wewe ndiye uliyepeleka maombi ya kupanga, saini ya maandishi wengi wanaichukua kwa tahadhari yao. Mwajiri ndiye aliyebanwa: akuarifu kwenye karatasi ya peke yake isiyochanganywa na fomu ya kazi, usaini, na akitaka kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti akupe kopi kwanza uione kama ina makosa. Ukinyimwa nyumba pia unatakiwa uambiwe ripoti ilitoka ofisi gani. Lakini hiyo ni Marekani. Asije mtu kesho akaenda kumsomea landilodi wa Kireka sheria ya Minneapolis.

dada_wa_minneapolis

Hahaha asante mzee. Hiyo ya karatasi ya peke yake kweli nilipewa nilipoomba kazi ya hospitali, nikadhani ni ya chanjo.

boda_wa_zamani

Mimi yangu ni tofauti. Nilimdhamini shemeji kuchukua pikipiki, kakimbilia Juba, sasa nikienda kukopa naambiwa nina deni. Na mimi naweza kushtaki walioingia?

afisa_mstaafu

Ndugu yangu wewe uliweka saini kama mdhamini, deni likikwama linakufuata na wewe. Omba ripoti uangalie wamekuandika mdhamini au mkopaji, wakati mwingine wanakosea hapo, na kama wamekosea unaandikia mkopeshaji na ofisi ya CRB wasahihishe. Shemeji mtafute mwenyewe.

kijana_wa_kisenyi

Na mdogo wake wa stoo je? Asiposaini kazi anapewa mwingine. Hiyo hiari iko wapi sasa?

afisa_mstaafu

Hapo ndipo hata wanasheria wanavutana. Wengine wanasema ukishika kalamu huku njaa imekushika hiyo si hiari, wengine wanasema mtu wa kushika pesa au stoo mwajiri ana sababu ya kumuuliza. Mimi ningemshauri asikatae moja kwa moja. Aombe mstari uandikwe upya: ripoti moja, kwa ajili ya kazi hii, itachukuliwa na nani, mara moja. Au aseme nitaleta mwenyewe. Akiileta awaonyeshe wasome arudi nayo, asiwaachie kopi ikalale kwenye droo ya ofisi.

mama_bweyo

Sawa mzee wangu, sasa mimi nianzie wapi? Polisi?

afisa_mstaafu

Anza na karatasi. Andikia ile kampuni barua, taja tarehe iliyo kwenye ripoti, waulize mambo matatu: nani alifungua, fomu ya mkopo iko wapi, na kibali changu kiko wapi. Kila paswedi ina jina la mtu wake, hawawezi kusema hawajui. Barua iwe na muhuri wao wa kupokea kwenye kopi yako. Ofisi ya CRB nayo iandikie kwamba ule uchunguzi huutambui. Halafu peleka vyote kwa PDPO, ofisi ya ulinzi wa data iliyo chini ya mamlaka ya teknolojia ya habari, NITA-U. Kama kampuni ni ya leseni ya kukopesha pesa, UMRA nao wapate kopi, hao ndio wanaoshika leseni yake. Kupata au kutoa taarifa za mtu bila ruhusa ni kosa la jinai, linafika jela miaka 10, kwa hiyo polisi nao wapo. Lakini ukienda bila karatasi watakuambia ukazungumze na mjomba.

landilodi_kireka

Miaka 10 kwa kumuuliza mpwa?

mama_bweyo

Kwa kumtuma mpwa adanganye mzee. Barua naichapa leo. Na nyumba nimeiacha, kama kuna mtu anajua vyumba viwili Namugongo au Kyaliwajjala chini ya 500,000 ani-inboksi, ila asiwe na mpwa kwenye kampuni ya mikopo.