Kukaimu bila barua: tupeane uzoefu wa kudai posho

Mpemba_Chake
Asalaam alaykum. Mkuu wetu wa divisheni alistaafu, nikaambiwa kwa mdomo, "Shika hapo mpaka aletwe mtu." Mwezi huu ni wa 14. Mshahara wangu 620,000, wa cheo kile unaanzia 870,000. Tofauti ni 250,000 kwa mwezi, nikadai 3,500,000. Jibu: "Hukukaimishwa, ulipangiwa majukumu." Waliopitia haya walifanyaje?

Karani_Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Nimekaa masjala miaka mingi. Kwanza niambie, barua ulizotoa umesaini vipi? Kama juu ya cheo uliandika "Kny", ulikuwa unasaini kwa niaba ya mwenye cheo, na hapo ndipo watakapokubana. Ukiandika "Kaimu" na wakubwa wakapokea bila kukukosoa, una pa kushika.

Wete_Juu
Usihangaike. Kukaimu mwisho miezi 6, ikizidi cheo chako!

Karani_Mstaafu
Hiyo miezi 6 umeitoa Kanuni za Kudumu za Bara, na hata huko cheo hakiji chenyewe. SMZ ina Sheria yake ya Utumishi wa Umma, Namba 2 ya 2011. Ukimpeleka na kanuni ya Bara watamcheka.

Jikoni_Nungwi
Na sisi wa hoteli? Mpishi mkuu kaondoka tangu Ramadhani, jiko lote mie, na saa za ziada hawalipi.

Karani_Mstaafu
Saa za ziada ni dai jengine, bwana. Wewe soma mkataba wako.

Mpemba_Chake
Nimefungua jalada leo. Wallahi karibu zote "Kny"! Ila barua mbili za mwezi wa nane nilizopeleka Unguja nimeandika "Kaimu Mkuu wa Divisheni", na majibu yamerudi kwa anwani hiyo hiyo.

Karani_Mstaafu
Hayo majibu ni dhahabu, toa nakala kabla jalada halijapotea (hupotea). Ambatanisha na hati ya makabidhiano na mihutasari ya vikao ulivyohudhuria kwa cheo kile. Halafu usianze na pesa. Mwandikie Afisa Mdhamini uombe uthibitisho wa maandishi kwamba unakaimu, na tarehe uliyoanza itajwe. Ukitanguliza milioni tatu na nusu, barua inakwenda kwa mhasibu, na mhasibu ataulizia barua ya kukaimishwa, ambayo huna.

Bi_Mkoani
Mie nilifanya hivyo hivyo. Barua wakanipa, lakini tarehe wakaweka ya siku waliyosaini. Nililipwa kuanzia hapo. Miezi 9 ya nyuma nimekata rufaa, mwaka wa pili huu naambiwa "linashughulikiwa".

Mpemba_Chake
Kwa hiyo nikipewa barua ya tarehe ya leo, niipokee au niikatae?

Karani_Mstaafu
Ipokee, lakini siku hiyo hiyo jibu kwa maandishi kwamba tarehe unaipinga. Kama watakulipa ya nyuma, hilo siwezi kukuapia.