Watu saba, k=3: jedwali hili litolewe hadharani au libaki kabatini?

Tausi: Nina jedwali la wagonjwa saba, majina yameshaondolewa. Nataka k-anonimiti yenye k ya 3, yaani kila mchanganyiko wa umri na eneo uwe na watu wasiopungua watatu, ndipo nilitoe kwa umma. Nipanue umri na msimbo wa posta kiasi gani? Na huyu wa miaka 71 nimfute?

```
umri  eneo   ugonjwa
23    41207  pumu
27    41203  kisukari
29    41209  pumu
34    41310  kifua kikuu
36    41312  kifua kikuu
38    41315  kifua kikuu
71    41318  saratani
```

Fundi Jedwali: Anza na eneo. Ukificha tarakimu mbili za mwisho, unabaki na 412 yenye watu watatu na 413 yenye wanne. Umri upange kwa miaka kumi: watatu wa kwanza wanaangukia 20–29, watatu wanaofuata 30–39. Usiandike 20–30 na 30–40, maana mwenye miaka 30 kamili atakuwa na makundi mawili na hutajua umemhesabu wapi.

Amebaki wa 71, peke yake katika 70–79. Ama unaufuta mstari wake, ama unalinyoosha kundi la pili liwe 30–79. Mimi ningefuta. Ukinyoosha, watu watatu waliokuwa ndani ya miaka kumi wanatawanywa katika miaka hamsini kwa ajili ya mmoja, na anayechunguza umri na maradhi hana tena cha kushika.

Mkolokolo: Napinga. Kila mara wanaofutwa ni wazee, na hapa saratani yenyewe inatoweka kwenye data. Nyoosha, mwachie nafasi yake. Tena k=3 ni ndogo mno. Weka 5, hapo hakuna atakayejua lolote kuhusu mtu yeyote.

Fundi Jedwali: Kuhusu wazee una hoja. Kuhusu 5, hesabu mwenyewe: makundi mawili ya watu watano yanataka watu kumi, nasi tuna saba. Wote wataingia kundi moja la 20–79, 41*. Hapo safuwima za umri na eneo ni pambo tu.

Na hilo la "hakuna atakayejua lolote" si kweli. Tazama 30–39 baada ya kumfuta mzee: wote watatu wana kifua kikuu. Jirani anayejua kwamba mwenzake ana miaka 36, anaishi 413 na yumo kwenye jedwali, hana haja ya kujua mstari wake ni upi. k huhesabu vichwa, haisomi ugonjwa. Pima yote mawili kwenye df, yaani jedwali hilo likishapanuliwa na mzee akishafutwa:

```python
g = df.groupby(["umri", "eneo"])
print(g.size().min())
print(g["ugonjwa"].nunique().min())
```

Ya kwanza, idadi ya watu katika kundi dogo kuliko yote, itakupa 3; ya pili, idadi ya magonjwa tofauti katika kundi lenye machache zaidi, itakupa 1. Hiyo 1 ndiyo ya kuogopa.

Msafiri: Mimi nina jedwali la mishahara. Majina nimeyapitisha kwenye SHA-256, kila moja likageuka msimbo mrefu usiosomeka; umri na mtaa nimeviacha kama vilivyo. Si ndiyo k-anonimiti hiyo hiyo?

Bi Hesabu: Sivyo, ndugu. Umempa mtu jina jingine tu, na mwenye orodha ya majina yenu anaweza kuyapitisha mle mle kisha akalinganisha. Hata ukilifuta kabisa, umri na mtaa vinamtaja. Miaka ya 1990 Latanya Sweeney alitambua rekodi ya matibabu ya William Weld, gavana wa Massachusetts, katika data isiyo na majina. Alitumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta, akavilinganisha na daftari la wapiga kura.

Mkolokolo: Kumbe 30–79 ina afadhali! Kundi linakuwa na kifua kikuu watatu na saratani mmoja, ile namba ya pili inapanda hadi 2.

Bi Hesabu: Afadhali kiduchu. Anayemtafuta wa 36 atakisia kifua kikuu na kupatia mara 3 kati ya 4. Na mwenye saratani akilisoma, anajitoa mwenyewe hesabuni, basi amewajua wenzake wote watatu.

Tausi, jambo moja zaidi: ukichagua toleo, lisiwe na pacha. Ukitoa leo lililofutwa na kesho lililonyooshwa, mtu atayaweka sambamba aone mstari ulioongezeka ni wa saratani. Anayemfahamu mzee wa 413 ameshamaliza kazi.

Tausi: Je, nikitoa idadi ya kila ugonjwa tu, bila umri wala eneo?

Fundi Jedwali: Pumu 2, kisukari 1, kifua kikuu 3, saratani 1. Umesalimika na jirani wa kawaida, ila si na anayewajua sita kati ya saba. Kwa mistari saba mimi nisingetoa hadharani kitu kinachozidi hapo.

Mkolokolo: Na mimi bado nasema 30–79. Anayetafiti kifua kikuu anahitaji angalau kujua ni 412 au ni 413. Idadi tupu hazimwambii pa kwenda.

Bi Hesabu: Huyo apewe jedwali kwa mkataba, si umma mzima. Tausi, wanaolisubiri ni akina nani hasa?