Anki inanirudishia kadi zile zile kila siku, zimefika 900. Tatizo ni mimi au setingi? Naombeni ushauri

Tabibu_Mtarajiwa
Wakuu salamu. Niko mwaka wa pili diploma ya utabibu, Anki, ile apu ya kadi za kujikumbusha masomo, nilioneshwa na jamaa mmoja bwenini muhula uliopita. Mwanzoni raha tupu, nikawa natengeneza kadi mpya kama 40 kwa siku kutoka kwenye noti za darasani. Sasa hivi nikifungua asubuhi naambiwa kadi 900 na ushee zinasubiri, napiga 150 nachoka, kesho yake nakutana na zile zile, yani kadi nimeiona juzi leo ipo tena na wiki ijayo itakuwepo tena. Mi nilielewa kadi ukiijua inasukumwa mbele huko ikapumzike. Sasa hivi vitu vinapangwaje? Na sio kwamba nasahau kila kitu, kile kitufe cha Again cha kusema nimekosa sibonyezi sana, mara nyingi nabonyeza Hard. Nifute zote nianze upya au?

Kipanga_Mweusi
Mkuu unajipa presha bure. Hii mambo formula yake ni siku 1, 3, 7, 21, basi. Andika kwenye kalenda ya simu, soma topiki leo, rudia kesho, rudia baada ya siku 3 na kuendelea. Mi nimemaliza chuo hivyo hivyo bila apu yoyote.

Mzee_wa_Boksi
Kipanga uko sahihi nusu. Kuachanisha marudio na kila safari kuongeza umbali, hapo sawa kabisa. Ila kalenda yako inachukulia kila kitu kwenye topiki ni kigumu sawasawa, wakati kuna vitu mtu anavishika siku hiyo hiyo na vingine vinateleza mara tano. Hata kabla ya simu watu walishaliona hilo, yule Mjerumani Leitner miaka ya 70 alikuwa na maboksi ya kadi za karatasi, ukipatia kadi inaenda boksi la mbele linaloguswa kwa nadra, ukikosea inarudi boksi la kwanza. Kila kadi na safari yake.

Mleta uzi, kabla sijasema kitu tupia hapa kadi moja inayokusumbua kama ilivyo, usiirembe.

Tabibu_Mtarajiwa
Hii hapa mzee, nimeiona mpaka naiota:

Mbele: Malaria kali, matibabu?
Nyuma: Artesunate ya mshipa, 2.4 mg/kg, mtoto chini ya kilo 20 ni 3 mg/kg. Saa 0, 12, 24 halafu mara moja kwa siku. Angalau saa 24 za sindano ndo uhamie vidonge. Akiweza kumeza mpe ALu dozi kamili siku 3. Pima sukari. Angalia degedege. Angalia upungufu wa damu.

Mzee_wa_Boksi
Nilijua tu. Ngoja nikueleze taratibu maana hapo pana matatizo mawili yanayolishana.

La kwanza hiyo Hard. Kama hujagusa setingi, Anki kwa mpango wake wa zamani inaipa kila kadi namba inaitwa Ease, inaanza 250%. Maana yake ukibonyeza Good, muda uliopita unazidishwa kwa 2.5, kwahiyo kadi inarudi baada ya siku 1, kisha kama 3, 8, 20, 50, halafu miezi minne hivi. Ukibonyeza Hard muda unazidishwa kwa 1.2 tu, na juu ya hapo Ease inapungua kwa 15%, na haipandi yenyewe hata ukija kubonyeza Good mara kumi, inapandishwa na Easy peke yake. Sasa piga hesabu. Hard nane zinakushusha kutoka 250% mpaka 130%, na hapo ndo sakafu, haishuki zaidi. Kadi iliyofika huko, kama ilikuwa siku 10, ukipata Good inaenda 13, kisha 17, kisha 22. Mwenzake ambayo haijaguswa na Hard inatoka 10 inaenda 25, inaenda 62, inaenda miezi mitano. Ndo maana unaona zile zile kila wiki. Ingia Browse, washa safu ya Ease, zipange, nina hakika utakuta lundo la 130%.

La pili ndo mzazi wa la kwanza. Kwanini unabonyeza Hard? Kwasababu kadi yako ina vitu saba, unakumbuka vitano, roho inakusuta kubonyeza Good na inakuuma kubonyeza Again. Hakuna kitufe cha "nimekumbuka nusu". Hard maana yake nimekumbuka lakini nimehangaika, sio nimekosa kiasi. Kadi yenye vitu saba haina jibu la kweli, na apu haina macho, inachojua ni kitufe ulichobonyeza basi. Kile kimoja unachosahau kinavirudisha vyote sita unavyovijua.

SmartBoy255
Flashi ikigoma ipeleke kwa fundi ikafomatiwe wakuu, yangu nilifanyiwa buku tano tu

Kipanga_Mweusi
😂😂 huyu kasoma kichwa cha habari tu, na hata hicho sidhani

Tabibu_Mtarajiwa
Mzee nimeingia Browse, ni kweli aisee, zaidi ya nusu ziko 130%. Sasa hiyo kadi niikate vipi? Maana nikikata kila kadi mara saba si nitakuwa na kadi elfu sita?

Mzee_wa_Boksi
Kadi nyingi sio tatizo, tatizo ni kadi inayorudi rudi. Kadi fupi unaijibu kwa sekunde tano, na zile unazozijua zinapotea miezi, hizo huzioni tena mpaka usahau kama ulizitengeneza. Hiyo yako mimi ningeikata hivi:

Artesunate ya mshipa, mtoto chini ya kilo 20, mg ngapi kwa kilo? Jibu 3.
Artesunate ya mshipa, kilo 20 na kuendelea, mg ngapi kwa kilo? Jibu 2.4.
Dozi tatu za kwanza za artesunate ya mshipa, saa ya ngapi na ya ngapi? Jibu 0, 12, 24.
Mgonjwa wa malaria kali kaweza kumeza baada ya saa 12 za sindano, umhamishie ALu? Jibu hapana, angalau saa 24 kwanza.

Hiyo ya nne iangalie vizuri. Nimeigeuza ikawa kama kitu kinachotokea wodini, kwasababu swali la "lini unahamia vidonge" utalijibu kwa kukariri sura ya kadi. Baada ya muda mtu anajua jibu kwa kuona tu maneno mawili ya mwanzo, dalili yake ni hii: kwenye kadi unapatia kila siku, mwalimu akikuuliza kwa maneno mengine unabaki umeduwaa.

Halafu hizo mbili za kwanza zitapigana. Leo utasema 3 kwa mkubwa, kesho utasema 2.4 kwa mtoto, utaona unazikosea kwa zamu. Kuzirudia zaidi hakusaidii hapo, ongeza kadi ya kuzitenganisha: kwa kila kilo nani anapewa zaidi, mtoto mdogo au mkubwa, na kwanini? Mtoto mdogo, kwasababu kwa dozi ile ile ya kilo kiwango cha dawa mwilini mwake kinakuwa chini kuliko cha mtu mzima. Ukishajua sababu namba zinakaa zenyewe.

Na usitengeneze kadi ya "mtoto kilo 14 apewe mg ngapi". Utakariri 42 na hesabu hutaijua. Hesabu fanya kwenye karatasi, kila siku na uzito tofauti.

Nesi_wa_Likoni
Jameni mimi ni nesi huku Mombasa, nasomea Kijerumani nifike B2, na hii kukata kata naona imenisaidia sana. Nilikuwa na kadi kijiko, uma, kisu, na upande wa pili der Löffel, die Gabel, das Messer. Neno nalipata, der die das nakosa. Sahii nimezigawanya, neno kadi yake, der die das kadi yake. Si ndio hivyo mzee?

Mzee_wa_Boksi
Dada hapo mimi nisingegawanya. Vitu saba vya malaria vinaweza kuishi kila kimoja peke yake, ila ukiwa unaongea Kijerumani hutoi neno halafu uende kutafuta der yake baadaye, vinatoka pamoja. Kadi moja, kijiko upande huu, der Löffel upande ule, ukikosa der umekosa, Again bila huruma.

Nesi_wa_Likoni
Lakini nikifanya hivyo narudishiwa neno ambalo tayari nalijua, si ni kosa lile lile la huyo kijana? Na mimi mtihani wangu uko karibu, sina muda wa Again nyingi.

Mzee_wa_Boksi
Hoja yako inaeleweka. Mi naona ni kitu kimoja, wewe unaona viwili. Jaribu maneno machache kwa njia yangu, mengine kwa yako, uone wapi unakosea zaidi ukiwa unaongea na mtu.

Tabibu_Mtarajiwa
Na hizi 900 sasa? Na kuna mtu kaniambia niwashe FSRS, ule mpango mpya wa Anki, niweke 99% nisisahau kitu.

Mzee_wa_Boksi
Huyo usimsikilize kwenye 99. FSRS iwashe, hiyo haitumii Ease kabisa, inasoma historia yako na kukadiria kila kadi utaisahau lini, halafu inairudisha uwezekano wa kukumbuka ukishuka mpaka pale ulipoweka wewe. Kiwango inachoanza nacho ni 90%. Ukipandisha 95 tu, muda wa kila kadi unakuwa karibu nusu, maana yake kazi inakaribia mara mbili, sasa 99 utalala na simu mkononi. Angalizo moja, FSRS inahesabu Hard kama umepatia. Zile Hard zako za "nusu nusu" zitaidanganya. Kuna sehemu imeandikwa Ignore cards reviewed before, weka tarehe ya leo, kisha Optimize ifanye baadaye ukishapata historia safi.

Kuhusu 900, usifute. Kadi mpya weka 0 kwa sasa. Marudio weka 100 kwa siku, na ukikutana na kadi ndefu usiijibu, iwekee bendera, jioni zikate kama kumi, ile ya zamani isimamishe kwa Suspend. Anki yenyewe ukikosea kadi mara 8 inaibandika lebo ya leech, hiyo nayo isimamishe, usiirudishe kabla hujaiandika upya. Ukimaliza lundo rudi na kadi mpya 10, sio 40. Ndani ya setingi wenyewe wanashauri nafasi ya marudio iwe angalau mara kumi ya kadi mpya, sasa 40 ilikuwa inakudai marudio 400 kwa siku, na wewe una wodi.

Kipanga_Mweusi
Mi bado nasema kufuta zote ni rahisi. Kukata kadi 900 ni kazi ya mwezi, bora asome kitabu aandike mpya anazozielewa.

Mzee_wa_Boksi
Hilo silipingi moja kwa moja, hasa zile za kunakili noti bila kuelewa, hizo hata mimi ningefuta. Ila hapo kuna kadi fupi nzuri zimeshatembea miezi miwili mitatu, kuzifuta ni hasara.

Tabibu_Mtarajiwa
Sawa wazee, leo nimekata sita, na hiyo ya malaria imezaa kadi nane. Swali lingine, mpangilio kama hatua za kumhudumia mtoto mwenye degedege nao unakatwaje? Maana pale ukipoteza mfuatano umepoteza kila kitu.

Mzee_wa_Boksi
Kila hatua kadi yake, ukiuliza "baada ya hii inafuata nini". Ila mi mwenyewe orodha ikizidi tano huwa naiacha nje ya Anki naifanya kwa mikono mbele ya mwenzangu. Kama kuna mwenye njia nzuri zaidi aiweke hapa.

Nesi_wa_Likoni
Ya degedege mimi ningefanya kwa mdoli wa skills lab, na stopwochi. Kadi hapo sioni kama itafika mbali.