Kadi ya mihuri ya juisi inanigombanisha na wateja, naombeni ushauri

Mama Parachichi: Habari zenu wapendwa. Nauza juisi Sinza, glasi 2,000. Nilichapisha kadi 200: "Nunua 8, ya 9 bure." Basi, hakuna neno lingine. Juzi mteja kaja na kadi iliyojaa, anadai jagi la 6,000. Mwingine kadi yake ina mihuri 8, wino uleule, na simkumbuki hata kidogo. Mume wangu anasema niachane nazo. Nifanyeje?

Mzee wa Mwenge: Muhuri wa biashara haugongwi ovyo, binti. Kesho utaukuta kwenye barua usiyoijua.

Dogo Masoko: Weka muda wa kuisha, siku 14. Watakimbizana wenyewe!

Kauntabuku: Dada, usiache. Tuseme glasi inakugharimu 900. Nane zinakuachia 8,800, ya bure inakula 900, unabaki na 7,900. Kadi haikutii hasara, ila maneno yake hayatoshi.

Dogo yuko sahihi kuhusu muda, siku 14 ndiyo hapana. Anayekunywa mara moja kwa wiki anahitaji wiki 8. Mpe miezi 3 tangu muhuri wa kwanza, na tarehe uiandike kwa kalamu mbele yake. Mzee naye kasema kweli: chonga muhuri mwingine wa kadi tu, na kila ukigonga weka saini. Kadi ziwe na namba, uziandike daftarini.

Kwa stetasi tumia picha tatu. Ya kwanza zawadi: "Glasi 1 ya kawaida, juisi yoyote. Si jagi, haibadilishwi kwa pesa." Ya pili: "Glasi 1, muhuri 1. Kadi inaisha tarehe iliyoandikwa juu yake." Ya tatu: "Kudai: onyesha kadi kabla ya kuagiza. Tutaibakiza, utapewa mpya." Ile ya kubakiza usiisahau, la sivyo kadi moja itanywesha mtaa.

Zuu: Mimi saluni walinikatalia msuko wa bure, eti kadi imeisha jana yake. Sikurudi tena.

Kauntabuku: Ndiyo maana mimi huongeza wiki moja kimyakimya. Jingine: mwaka 2006 watafiti Nunes na Drèze walitoa taarifa ya jaribio la kadi 300 kwenye kuosha magari. Kadi za mihuri 8 zilijazwa na asilimia 19 ya wateja. Za mihuri 10, mbili zikiwa zimeshagongwa, asilimia 34. Safari zilikuwa nane kotekote!

Dogo Masoko: Na anayeleta rafiki?

Kauntabuku: Muhuri 1, rafiki akishalipa glasi yake ya kwanza. Kuja tu hakutoshi.

Mama Parachichi: Asanteni. Kadi za zamani nitaziheshimu, kosa langu. Yule wa mihuri 8 kumbe ni bodaboda, alitumwa glasi nane na ofisi ya jirani, binti yangu akamgongea zote. Sasa hapo zawadi ni ya nani, yeye au ofisi?

Zuu: Ya aliyeshika kadi.

Mzee wa Mwenge: Ya aliyelipa.