Thunderbird: orodha ya barua haitoshi kwenye skrini, niipange vipi?

wakala_bandarini: Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam hupokea barua pepe zipatazo 200 kwa siku katika kikasha kimoja. Laputopu yangu ina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Tangu tuhamie toleo jipya, kila barua huonekana kama kadi, naona barua kumi tu kwa wakati mmoja, na kichwa cha barua hukatika kabla ya namba ya kontena, ambayo wateja huiandika mwishoni. Kushoto kuna folda 40 za wateja. Naomba ushauri.

mama_kassim: Bofya folda kwa kitufe cha kulia, uchague Compact. Kikasha changu kilikuwa kizito mno, na baada ya hapo kikawa chepesi.

nuru_tz: Tumia Vertical View. Barua husomeka vizuri ikiwa pembeni.

fundi_kilwa: Mama Kassim, Compact ya folda hurudisha nafasi ya diski iliyoshikwa na barua zilizokwisha kufutwa, mwonekano haibadilishi. Compact nyingine, anayoihitaji mwenzetu, imo katika menyu ya mistari mitatu, chini ya Density. Nuru, pendekezo lako linafaa skrini pana, lakini katika pikseli 1366 orodha hubanwa katikati, na ndiyo maana vichwa vinakatika.

Ndugu wakala, anza na alama iliyo juu ya orodha, uchague Table View, kwa kuwa kadi hazina safu za kupanga. Kisha bonyeza Alt, uende View > Layout > Classic View, ili barua isomeke chini na orodha ipate upana wote uliobaki. Kwenye ncha ya kulia ya vichwa vya safu kuna kitufe cha kuchagua safu: bakisha Subject, From, Date na alama ya kiambatisho, halafu vuta mpaka wa Subject hadi namba ionekane.

Kitufe hichohicho kina chaguo linaloanza na Apply, la kupeleka mpangilio kwenye folda nyingine. Lielekeze kwa Inbox na folda zilizo ndani yake, wala si kwa akaunti nzima, kwani folda ya Sent ikipokea safu ya From utaona jina lako mwenyewe kila mstari.

Folda za wateja wa kila siku ziwekee alama ya Favorite, kisha katika vitone vitatu vya kidirisha cha folda, chini ya Folder Modes, washa Favorite Folders na uzime All Folders.

wakala_bandarini: Ahsante sana, fundi. Barua ikiwa wazi chini naona mistari kama 12; nikibonyeza F8 kuificha, inazidi 20. Je, wenzangu watapata mpangilio huu?

fundi_kilwa: Hapana. Unakaa katika kompyuta yako, si kwenye seva, hivyo kila mmoja aupange kwake.

wakala_bandarini: Nimeelewa. Zimebaki barua zilizorundika Fwd na Re mwanzoni. Katika hizo, namba bado inakatika.

nuru_tz: Hilo nami linanisumbua. Mwenye njia atuambie.