Methali za wazee: turudishe maneno yao au tuweke yanayoeleweka?

Mkusanyaji, Bagamoyo: Nakagua muswada wa methali tulizorekodi kwa wazee. Mchapaji kaandika "Nazi mbovu huharibu ya nzima" na "Mwenda tezi na omo marejeo ni Ngamiani". Nirudishe yaliyosemwa au niache yanayoeleweka?

Nahodha Mstaafu: Rudisha. Ni *ngamani*. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni kule chini maji yanakojikusanya mpaka mtu ashuke kuyafua. Tembea utembeavyo, utarudi humo. Ngamiani ni mtaa wa Tanga, hakuna maji ya kufua pale, kuna wauza kahawa tu.

Mtoto wa Ngamiani: Wauza kahawa "tu"? Na hicho Kiswahili unachojivunia umekitoa wapi kama si Tanga?

Kaole Kwetu: Ndiyo maradhi yenu. Kila lugha yenu, kila methali yenu.

Mwalimu wa Zamani: Jamani, nazi imesahaulika. Mchapaji kajishtaki mwenyewe, tazameni hiyo "ya". Ukisema huharibu, unamalizia na nzima, basi. "Ya" imebaki inaning'inia kwa sababu mzee alisema *harabu ya nzima*, na harabu ni mharibifu. Nikiona kineno kimekosa kazi namna hiyo, narudi kwenye sauti nisikilize upya. Kuna mwingine alinisahihishia "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu" ikawa "Mgagaa na upwa hali *ya* wali mkavu". Kala a moja, halafu kageuza kutokula kuwa taarifa ya afya ya wali.

Sheria ni Sheria: BAKITA ipo tangu 1967. Kitabu kiwe kwa Kiswahili sanifu, mjadala umekwisha.

Mwalimu wa Zamani: Tahajia, sawa. Aliyeandika "mvuwa" nitamtoa w. Lakini harabu si tahajia mbovu, ni neno jingine. Ukilitoa umetunga methali yako.

Mama Doti: Mimi nilinunua doti la kanga, jina "Mtaka cha uvungu lazima ainame". Nimempelekea wifi, kalirudisha, eti methali ya dukani. Muuzaji atanirudishia hela?

Kaole Kwetu: Huyo wifi Mtanga, naapa.

Mtoto wa Ngamiani: Na alikuwa na haki! Ni *mvunguni*.

Mkusanyaji, Bagamoyo: Mama Doti umenikumbusha. Hiyo hiyo mzee mmoja kasema "sharti ainame", mwenzake kasema "huinama", na wote wana hakika. Nifanyeje?

Mwalimu wa Zamani: Hapo hakuna kosa la kusahihisha. Chagua moja iwe juu, ya pili iweke chini yake kwa herufi ndogo, useme ilisemwa wapi. Usizichanganye tu ukapata ya tatu ambayo hakuna aliyeisema.

Nahodha Mstaafu: Na wa Tanga akisema ya nne?

Mtoto wa Ngamiani: Kwanza niombe radhi ya kahawa.